Pengo la Mibofyo na Ziara Si Ushahidi wa Wizi

Malalamiko haya hurudi kila mwisho wa mwezi. Mwenye biashara amelipia tangazo kwenye Google. Anafungua ripoti ya Google Ads na kukuta mibofyo 1,000, kisha anafungua Google Analytics ya tovuti yake na kukuta ziara 490 tu zilizotokana na tangazo hilo. Anatoa moja kwa nyingine, anabaki na 510, na hukumu inatoka hapo hapo: nimeibiwa. Wengine husema kampuni inapandisha hesabu kwa makusudi, wengine husema mibofyo imepigwa na roboti au na mshindani wa mtaa wa pili. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba kuna watu wanaoishi kwa kuuza kinga dhidi ya mibofyo hewa, na chambo chao cha kwanza ni pengo hilo hilo. Mimi naipinga. Sisemi kampuni za matangazo ni malaika, na huko mbele nitaeleza mahali ambapo zinastahili kulaumiwa. Ninachosema ni kwamba pengo kati ya namba hizi mbili halithibitishi wizi wowote likiwa peke yake, na kwamba katika biashara nyingi ndogo sehemu kubwa ya pengo hilo huzaliwa upande wa mwenye tovuti, katika sekunde chache kati ya kidole kugusa tangazo na msimbo wa kupimia kuamka.

Kabla ya hesabu, liko jambo moja ambalo wanaodai wizi hawalijibu. Google Ads na Google Analytics ni mali ya kampuni moja. Kama nia ingekuwa kumdanganya mteja, lipi lingekuwa rahisi kuliko kuzifanya namba mbili za nyumba moja zifanane? Mwizi mwenye funguo za maduka yote mawili haachi daftari la duka la pili wazi mezani limsute. Hata Meta, ambayo haina chombo cha takwimu kilichoenea kama Analytics, yenyewe huonyesha pengo hilo ndani ya ripoti yake: katika jedwali moja unaweza kuweka safu ya `Link clicks` na safu ya `Landing page views`, na ya pili mara nyingi ni ndogo. Namba hazilingani kwa sababu zinahesabu matukio mawili tofauti, yanayotokea mahali pawili tofauti, na kati yao kuna njia ambayo msafiri anaweza kuishia.

Tuifuate njia hiyo. Mtu wa Mbezi anaandika kwenye simu yake kwamba anatafuta matangi ya maji, tangazo linatokea, analigusa. Mguso huo una kazi mbili. Unaandikwa kuwa mbofyo kwenye seva za Google, na mteja anaelekezwa kwenye anwani ya muuzaji iliyobandikwa alama iitwayo `gclid`. Wakati huo mbofyo umeshahesabiwa na safari ndiyo kwanza inaanza. Simu itafute seva ya muuzaji iko wapi, ifungue mawasiliano nayo, ikubaliane nayo namna ya kusimba mazungumzo, ndipo iombe ukurasa. Tovuti nyingi za wafanyabiashara wetu zinakaa kwenye seva za Ulaya au Marekani, kwa hiyo kila duru ya mazungumzo hayo inavuka bahari kwenda na kurudi. Ukurasa ukianza kuingia, simu iusome, ikute mle ndani amri ya kuleta faili la kupimia, ilivute faili hilo, iliendeshe, kisha itume ujumbe kwenda `google-analytics.com`. Ujumbe huo ukifika, ndipo ziara inapozaliwa. Anayelinganisha namba hizi mbili ni kama aliyehesabu tiketi zilizokatwa kivukoni Magogoni, akazilinganisha na majina yaliyoandikwa kwenye daftari la mapokezi la ofisi fulani ndani ya Kigamboni, kisha akamshtaki mkata tiketi.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Duka nitakalotumia ni la kubuni, na namba zake nimezipanga ili hesabu ionekane wazi. Mambo yanayozizalisha namba hizo ni ya kweli na kila mwenye tovuti anaweza kuyakagua kwake. Duka linauza matangi ya maji Dar es Salaam. Tangazo ni la utafutaji wa Google, lile linalotokea juu ya majibu. Mwezi mmoja: mibofyo 1,000, ziara 490. Mwenye duka amekasirika kuhusu zile 510.

Fungu la kwanza la 510 halikuwa na safari ya tovuti hata kidogo. Tangazo la utafutaji linaweza kubeba namba ya simu na mahali duka lilipo. Anayegusa namba anapiga simu. Anayegusa ramani anaonyeshwa njia. Google huihesabu miguso hiyo kuwa mibofyo na huitoza kama mibofyo mingine, lakini hakuna ukurasa uliofunguka, na pasipo ukurasa hakuna ziara. Katika ripoti ya Google Ads kuna mgawanyo unaoitwa `Click type`. Ukiuchagua, mibofyo inatengana kwa aina yake. Kwa muuza matangi, ambaye mteja wake anataka kujua bei ya lita 1,000 na kama usafiri upo, kupiga simu ndiyo njia ya kawaida. Katika mfano wetu, 140 walipiga simu na 30 walitaka njia ya kufika dukani. Jumla 170. Watu hawa ndio pengine walikuwa wateja bora wa mwezi mzima, na mwenye duka amewaandika kwenye orodha ya walioibwa. Kosa la aina hii ni kubwa zaidi kwa Meta, ambako safu ya `Clicks (all)` inajumuisha aliyependa, aliyetoa maoni, aliyegusa jina la ukurasa na aliyefungua maandishi yaliyokunjwa. Kuchukua safu hiyo na kuilinganisha na ziara ni kulinganisha wapita njia na waliokaa mezani. Hapa nawalaumu Meta bila kusita: kuliita jambo hilo mibofyo, mbele ya mtu anayelipa kwa pesa ya mfukoni, ni kumtega.

Tumebaki na mibofyo 830 iliyoelekezwa kwenye tovuti. Je, yote ilifika? Swali hili Google Ads haiwezi kulijibu, na Analytics pia haiwezi, maana moja imesimama kabla ya mlango na nyingine imekaa ndani kabisa. Shahidi wa tatu yupo, na karibu hakuna anayemwita: daftari la seva yenyewe, faili ambalo seva huandika kila ombi inalopokea. Kwenye upangaji wa kawaida wa tovuti, faili hilo linapatikana kwenye dashibodi ya mwenye tovuti au kwa kumwomba anayekupangisha. Kwa kuwa kila mbofyo wa tangazo hubeba `gclid` yake, kuhesabu zile zisizojirudia ni kazi ya mstari mmoja:

```
grep -o 'gclid=[^& "]*' access.log | sort -u | wc -l
```

Tuseme jibu ni 760. Basi 70 hawakuwahi kugonga hodi. Ombi lao liliishia hewani: simu ilikuwa kwenye eneo la mtandao hafifu, bando lilikata, au mtu aligusa tangazo kwa bahati mbaya akarudi nyuma kabla mawasiliano hayajafunguka. Hapa mazingira yetu yana uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilizorota. Katika siku za namna hiyo tovuti iliyoko kwenye seva ya mbali hutumbukia shimoni hata kama tangazo lenyewe bado linaonekana, na anayetazama ripoti bila kukumbuka tarehe anaweza kuapa kwamba wiki ile roboti zilimvamia. Tahadhari moja tu kuhusu shahidi huyu: kama tovuti yako imewekwa nyuma ya huduma inayohifadhi nakala za kurasa na kuzitoa yenyewe, wapo watakaohudumiwa bila seva yako kujua, na daftari lako litaonyesha wachache kuliko waliofika. Katika hali hiyo daftari la kusoma ni la huduma hiyo.

Waliogonga hodi ni 760. Lakini Analytics, ukijumlisha majina yote ya vyanzo, imeandika miingio 610 tu iliyotokana na tangazo. Watu 150 waliingia uani wasiandikwe, na hapa ndipo kiini cha ubishi wangu kilipo, kwa sababu fungu hili ndilo linaloitwa roboti kwa haraka zaidi, wakati ndilo ambalo mwenye tovuti ana mkono ndani yake kuliko yote. Msimbo wa Analytics hauamki peke yake. Google hushauri uwekwe juu kabisa ya ukurasa, ndani ya `<head>`, ili uanze kazi mapema. Wajenzi wa tovuti huuweka chini, baada ya picha kubwa ya ufunguzi, video, dirisha la mazungumzo na fonti tatu zilizoagizwa kutoka mbali. Mgeni wa simu ya bei nafuu anasubiri sekunde ya kwanza, ya pili, ya nne, anachoka, anarudi kwenye majibu ya utafutaji. Mwaka 2016 Google walitoa utafiti wa kurasa za simu ulioonyesha kwamba asilimia 53 ya ziara huachwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kupakia. Unaweza kuishuku namba iliyotolewa na mwenye maslahi, lakini mwelekeo wake haubishaniwi na yeyote aliyewahi kushika simu. Anayeondoka kabla msimbo haujaamka alikuwa mtu, alikuwa na haja, na hakuacha alama yoyote kwenye Analytics.

Kuna ubaya mwingine ulio mpya kidogo, na wenye tovuti wengi hawaujui kwa sababu uliletwa kwao kama dawa. Tovuti zinazojengwa kwa WordPress hupewa programu-jalizi za kuongeza kasi, na baadhi yake zina swichi ya kuchelewesha misimbo yote hadi mgeni aguse au asogeze ukurasa. Vipimo vya kasi vinapendeza, mjenzi anasifiwa, lakini msimbo wa kupimia nao umelazwa usingizi pamoja na mingine. Mteja anafungua ukurasa, anaisoma namba ya simu iliyo juu, anainakili kwenye karatasi au kuipiga kwa simu nyingine, anafunga. Hakusogeza kitu. Kwa Analytics, mtu huyo hajawahi kuwepo. Kisha wako wanaotumia vivinjari kama Brave, au vizuia matangazo, ambavyo huuonyesha ukurasa mzima vizuri kabisa ila huzuia ujumbe usiende `google-analytics.com`. Na wako wa Opera Mini katika hali yake ya kubana data kwa nguvu, ambamo ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera na simu hupewa chakula kilichokwisha iva. Misimbo haiendeshwi kwenye simu, na huko inakoendeshwa hupewa muda mfupi tu.

Mafungu haya yanatenganishwa vipi? Turudi kwa shahidi wetu. Kivinjari kinapofungua ukurasa huomba kwanza maandishi yake, halafu picha na mitindo, moja baada ya nyingine, na kila ombi linaandikwa kwenye daftari. Chukua zile anwani 150 zisizo na ziara. Zile zilizoomba ukurasa zikaishia hapo, zisifike kwenye picha ya mwisho, ni za waliochoka kusubiri. Zile zilizochukua kila kitu hadi picha ya mwisho lakini Analytics haina habari nazo ni za wazuiaji, au za msimbo uliolazwa. Katika duka letu tuseme 110 ni wa kwanza na 40 ni wa pili. Wale 110 hawaponywi na kesi yoyote dhidi ya Google. Watapona kwa kupunguza uzito wa picha, kuondoa video na kuisogeza seva karibu.

Nikiishia hapa nitaambiwa kwamba bado 610 si 490. Ni kweli, zimebaki 120, nazo hakuna mtu hata mmoja aliyepotea ndani yake. Arobaini ni suala la namna ziara inavyohesabiwa. Katika Google Analytics 4 ziara hufungwa baada ya dakika 30 za utulivu, isipokuwa umeubadilisha muda huo. Mnunuzi wa tangi anagusa tangazo lako saa nne asubuhi, anatazama bei, anarudi kulinganisha na wengine, na baada ya dakika kumi anagusa tena tangazo lako. Mibofyo miwili, umetozwa mara mbili, ziara moja. Toleo la zamani, Universal Analytics, lilikuwa likianzisha ziara mpya kila mtu alipoingia kwa kampeni tofauti, na tena saa sita usiku ilipogonga. Toleo la nne halifanyi hivyo. Toleo la zamani liliacha kupokea data za watumiaji wa kawaida tarehe 1 Julai 2023, na wengi waliohamia wakaona ziara zimepungua wakadhani biashara imeshuka au wizi umeongezeka. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Zilizobaki, 80, zipo kwenye Analytics zimekaa zimevaa majina mengine. Duka letu lilihamisha tovuti yake kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, na tangazo moja la zamani bado linapeleka watu anwani ya kale. Seva inawaelekeza upya vizuri, wanafika, ila katika kuwaelekeza inakata kila kilicho nyuma ya alama ya kuuliza, pamoja na `gclid`. Analytics inampokea mgeni asiye na alama, inaona ametokea Google, inamwandika `google / organic`. Ikishindwa hata kuona alikotoka, inamwandika `(direct) / (none)`. Mwenye duka anapochuja ripoti kwa `google / cpc` hawaoni. Wakati huo huo anajisifu kwamba utafutaji wa bure umepanda. Kipimo chake ni cha nusu dakika: chukua anwani iliyomo kwenye tangazo, ongeza mwisho wake `?gclid=jaribio`, ifungue, subiri itulie, kisha tazama mstari wa anwani. Kama maneno hayo yametoweka, umempata mhusika, na hana ofisi California.

Jumlisha: 170, 70, 150, 40 na 80. Ni 510.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Wizi wa mibofyo upo. Mwaka 2006 Google walikubali kutoa hadi dola milioni 90 kumaliza kesi iliyofunguliwa Arkansas na watangazaji waliodai kutozwa mibofyo batili. Mwaka 2016 mtandao wa roboti uitwao Methbot ulianikwa hadharani, na mwaka 2021 Aleksandr Zhukov, aliyeuongoza, alihukumiwa na mahakama ya New York kifungo cha miaka 10. Sina haja ya kupunguza hata herufi moja ya hayo. Lakini tazama Methbot walifanya nini. Roboti zao ziliigiza binadamu: zilisogeza kipanya, zilibofya, zilijifanya zina vivinjari vya kawaida. Roboti ya kiwango hicho ikifika kwenye tovuti yako inaweza kuendesha msimbo wa kupimia kama mgeni mwingine yeyote, na Analytics ikaiandikia ziara. Haiongezi pengo. Mwizi hodari anajipanga asionekane mahali ambapo kila mtu anatazama. Kwa hiyo kipimo ambacho umma umekichagua kugundua wizi kinakamata watu waliochoka kusubiri picha zako zifunguke, na kinampitisha tapeli mwenye ujuzi. Mwenye duka ambaye mibofyo yake na ziara zake zinalingana sawasawa hana sababu ya kulala fofofo, kama vile mwenye pengo la nusu hana sababu ya kupiga yowe.

Roboti duni, ile isiyoendesha msimbo, ndiyo inayoongeza pengo, na nakiri kwamba kwenye daftari inafanana kwa juu na mtu aliyekata tamaa: wote wawili huomba ukurasa na kuishia hapo. Wanatofautiana kwa mengine. Waliokata tamaa wanatoka kwenye anwani za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, wametawanyika katika saa ambazo watu wako macho, na simu zao ni za aina nyingi. Roboti hutoka kwenye anwani za vituo vya data, hurudia anwani chache, na saa tisa za usiku kwao ni sawa na saa tisa za mchana. Tena sehemu ya mibofyo hiyo Google huichuja kabla ya kuitoza, na ripoti ina safu ya `Invalid clicks` inayoonyesha ni mingapi. Haimo ndani ya ile 1,000 uliyoilipia. Mtu anaweza kusema kwamba mchujaji ni yule yule anayefaidika, na hofu hiyo ni halali. Ndiyo maana nimemtegemea shahidi ambaye Google hawamwandikii maneno, yaani daftari la seva yako mwenyewe. Kama huko utakuta mamia ya maombi kutoka kituo kimoja cha data, peleka malalamiko ukiwa nayo mkononi. Malalamiko yenye tarehe, anwani na `gclid` yana mahali pa kuanzia uchunguzi. Malalamiko yenye namba mbili zisizolingana hayana.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: haidhuru sababu ni nini, mimi nimelipia watu ambao hawakufika. Kwa matangazo ya utafutaji silikubali. Ulichonunua ni mbofyo, na kuanzia pale mteja anapoelekezwa kwako, barabara ni yako. Kwa matangazo yanayotandazwa ndani ya programu za simu, michezo hasa, nalikubali kwa sehemu. Pale kitufe cha kufunga tangazo kinapobanwa pembeni mwa tangazo lenyewe, kidole hukosea, na mbofyo wa kukosea huuzwa kwa bei ya mbofyo. Aliyekosea atarudi nyuma kabla ukurasa haujafunguka. Ukitenga ripoti kwa mahali tangazo lilipoonekana na kukuta pengo limejazana kwenye programu fulani huku matangazo ya utafutaji yakiwa salama, ziondoe programu hizo. Lawama hapo ni ya mtandao wa matangazo, na mimi sitausemea.

Kinachonisumbua zaidi ni imani iliyojificha chini ya malalamiko yote haya, kwamba ziara ndiyo namba ya kweli na mbofyo ndiyo namba ya kutiliwa shaka. Mchukue mwenye hoteli ndogo Zanzibar ambaye wageni wake wengi ni wa Ulaya. Kwa sababu ya sheria za huko, tovuti yake inauliza kwanza kama mgeni anakubali vidakuzi, na msimbo wa kupimia umefungwa hadi akubali. Anayekataa, au anayesoma bei za vyumba bila kulijali swali, hana ziara. Anaweza hata kuandika barua pepe ya kuulizia chumba na bado Analytics isimjue. Upande wa pili, ziara zinaweza kuzidi mibofyo. Mtu anaingia kupitia tangazo ambalo anwani yake imewekewa `utm_medium=cpc`, anapenda alichokiona, anakinakili kiungo kizima na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kila anayekifungua anaandikwa kuwa ametoka kwenye tangazo lililolipiwa, ingawa mbofyo uliotozwa ni mmoja. Sijawahi kusikia mwenye biashara akilalamika kwamba Google imejipunja yenyewe kwa kumletea ziara asizozilipia. Namba inayoruhusiwa kukosea upande mmoja tu haiwezi kuwa hakimu.

Kwa hiyo mwenye duka la matangi asianze na barua ya kudai fidia. Aanze na `Click type`, aone ni simu ngapi alizopigiwa kutokana na tangazo. Kisha alifungue daftari la seva na kuhesabu `gclid`. Kisha arekebishe lile tangazo la zamani linalopeleka watu anwani ya kale, maana hilo peke yake litarudisha ziara 80 kwenye safu yake bila shilingi kuongezwa. Mwisho ajaribu ukurasa wake mwenyewe, kwa simu ya kawaida, kwa bando la kawaida, akiwa ndani ya daladala na si ofisini penye waifai, na ahesabu sekunde hadi bei ionekane. Akimaliza hayo na bado kukawa na mibofyo isiyo na maelezo, hiyo ndiyo ya kumpelekea Google.